Mwenzako anakuomba umbebee kazi: mbadala upi umpe ukimkatalia?

Jumatano, saa tisa alasiri. Mwenzako wa dawati la pili anavuta kiti, anakaa, anashusha pumzi. "Dada, samahani, nina ombi. Ile ripoti ya robo mwaka inatakiwa Ijumaa saa nne asubuhi, na sehemu ya takwimu za matawi sijaigusa. Unaweza kunisaidia uiandae? Ni kazi ya saa moja, mbili tu."

Huwezi. Unalijua hilo kabla hajamaliza sentensi. Lakini pia humtaki aondoke mikono mitupu, maana ni mtu mwema, mwezi uliopita alikushikia zamu, na Jumatatu mtakaa tena meza moja. Kwa hiyo unatafuta kitu cha kumpa badala ya kazi yenyewe. Wengi wetu hapo ndipo tunapokosea. Kukataa kwenyewe si tatizo sana. Tatizo ni kwamba mbadala tunaoutoa hautekelezeki, au unatugharimu karibu sawa na kazi tuliyoikataa.

Nitazilinganisha njia tano ambazo watu huzitumia, zote juu ya ombi hili moja, ili uone zinavyopishana. Ninazungumzia ombi la mtu mliye sawa naye kazini. Agizo la mkuu wako ni jambo lingine, lina taratibu zake.

Kwanza hesabu, tena hesabu mbili

Ya kwanza ni yako. Kuanzia Jumatano saa tisa hadi Ijumaa saa nne asubuhi zipo saa 12 za kazi: mbili za leo jioni, nane za Alhamisi ukitoa mapumziko ya mchana, na mbili za Ijumaa. Tuseme una bajeti ya idara inayotakiwa Alhamisi jioni na bado inadai saa 6. Una kikao cha saa moja na nusu. Barua pepe na simu zinakula nyingine kama saa mbili na nusu kwa siku hizo zote. Jumla saa 10. Zinabaki saa 2, moja kati ya leo na kesho, na moja Ijumaa asubuhi. Hizo ndizo ulizonazo mkononi, na si busara kuziahidi zote, kwa sababu simu moja ya ghafla itakumaliza.

Hesabu ya pili ni ya kwake, na hii watu hawaifanyi kabisa. Amesema "saa moja, mbili tu". Hakudanganyi. Binadamu ndivyo tulivyo tunapokadiria kazi yetu wenyewe. Kuna utafiti wa mwaka 1994 ambapo wanafunzi wa chuo kikuu waliulizwa watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34 hivi; walimaliza kwa siku 55 na zaidi. Basi usiichukue "saa moja, mbili" kama ilivyo. Muulize maswali mawili: matawi mangapi, na kila tawi linahitaji kufanywa nini?

Anakujibu: matawi 8. Kila moja lazima asafishe takwimu, ajumlishe mauzo, apange kwenye jedwali la ripoti, kama dakika 40. Hiyo ni saa 5 na dakika 20. Juu yake kuna jedwali la muhtasari, maelezo mafupi na kuhakiki jumla, saa 1 na dakika 10. Kazi nzima ni saa 6 na nusu.

Sasa muulize swali la tatu, ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote: "Na wewe una saa ngapi za kuifanya kabla ya Ijumaa?" Anafikiri kidogo. Anahesabu kwa vidole. "Labda saa tano."

Tazama kilichotokea. Ombi lake ni la saa 6 na nusu. Upungufu wake ni saa 1 na nusu. Alipokuja kwako alikuwa amechoka na amebanwa, akakupa gunia zima, kumbe kinachomlemea ni debe moja la juu. Mbadala wowote utakaompa upime kwa debe hilo. Ukipima kwa gunia, kila unachotoa kitaonekana kidogo, utaona aibu, na aibu ndiyo hutufanya tuahidi tusichokiweza.

Njia tano kwa jicho moja

Hili hapa jedwali kwa ajili ya ombi letu. Muda wa "unachompunguzia" nimeutoa baada ya kuondoa muda ambao yeye mwenyewe atautumia kukuelekeza au kukusikiliza.

| Mbadala | Unachotoa wewe | Unachompunguzia | Hufaa pale ambapo |
|---|---|---|---|
| Kumega kipande (matawi 2) | dakika 100 | saa 1 | kipande kina mwanzo na mwisho wake |
| Kumpa nyenzo na kumwonyesha | dakika 30 | saa 1 na nusu | kazi ina sehemu inayojirudia |
| Kusogeza siku | saa 6 na nusu, wiki ijayo | kazi yote, au sifuri | tarehe inaweza kusogea kweli |
| Kubadilishana kazi | hutegemea makabidhiano | hutegemea makabidhiano | kila mmoja anaijua kazi ya mwenzake |
| Kwenda pamoja kwa mkuu | dakika 15 | haijulikani mpaka aamue | upungufu ni mkubwa na madhara ni makubwa |

Kumwelekeza kwa mtu wa tatu sikukuweka humo makusudi. "Muombe fulani, yeye ana nafasi," ukiwa hujamuuliza huyo fulani, si mbadala. Umeurusha mzigo juu ya kichwa cha mtu asiyekuwepo, na umewatengenezea watu wawili kinyongo kwa sentensi moja. Kama kweli unamjua mwenye nafasi, muulize wewe kwanza, kisha urudi na jibu.

Kumega kipande dhidi ya kumpa nyenzo

Hizi mbili ndizo hushindana zaidi, kwa sababu zote zinaonekana za kiungwana na zote unaweza kuzianza leo.

Kumega kipande ndiko kunakotujia haraka. "Basi nipe matawi mawili." Sikilizia gharama yake. Matawi mawili ni dakika 80. Lakini kabla ya kuanza lazima akueleze mafaili yako wapi, mauzo yaliyorudishwa yanahesabiwa vipi, jedwali la ripoti linataka nini: dakika 20 zako na dakika 20 zake. Wewe umetoka dakika 100, yeye ameokoa saa moja, na bado amepungukiwa nusu saa. Na kumbuka kwamba kati ya leo na kesho ulikuwa na saa moja tu. Bajeti yako ndiyo itakayolipa hizo dakika 40 zilizozidi.

Kipande kina mtego mwingine. Ukishafanya matawi mawili, wewe ndiye unayejua namna yanavyofanywa. Alhamisi saa kumi jioni anakuja: "Dada, kwa kuwa umeshayazoea, malizia na haya mawili." Kazi iliyogawanywa katikati haina ukuta, inavuja. Ndiyo maana ukiamua kumega, mega kipande chenye mipaka ya asili: kitu kinachoanza kwa kupokea faili na kuisha kwa kulirudisha, bila mtu kuhitaji kuuliza "sasa tumefika wapi?" Kuhakiki ni kipande cha namna hiyo. Kutafsiri ukurasa mmoja pia. "Nikusaidiesaidie" si kipande.

Halafu kuna kile kipande anachokimega yeye. Umemkatalia yote, naye papo hapo anasema, "Basi hata matawi mawili tu?" Utajikuta umeshaitikia. Watafiti walilijaribu jambo hili mwaka 1975. Waliwaomba wanafunzi wawasindikize vijana wa kituo cha urekebishaji kwenda bustani ya wanyama kwa saa mbili. Kama asilimia 17 wakakubali. Kundi jingine waliliomba kwanza jambo kubwa mno, kujitolea saa mbili kila wiki kwa miaka miwili. Walipokataa, wakaombwa ile safari ya saa mbili, na safari hii nusu yao wakakubali. Safari ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mwombaji ameonekana kushusha, nawe unajisikia unadaiwa kushuka pia. Simaanishi mwenzako anakutega. Hata mtu mwenye nia safi hupunguza ombi akikataliwa. Dawa ni wewe kutoa mbadala ndani ya pumzi ileile unayokatalia, ukiwa umeshaupima, kabla yeye hajapunguza kwa kukisia.

Sasa nyenzo. Unamuuliza, "Hebu nionyeshe unavyofanya tawi moja." Anafungua faili la Excel. Ana orodha ndefu ya mauzo inayoishia mstari wa 200, jina la tawi liko safu B, kiasi kiko safu D, na anachuja tawi mojamoja, anajumlisha kwa kikokotoo, anaandika jibu kwenye karatasi, kisha anajumlisha tena kuhakikisha. Katika zile dakika 40, dakika 15 zinaishia hapo. Mara matawi 8, ni saa 2 kamili.

Fomula moja inaifanya kazi hiyo:

```
=SUMIF($B$2:$B$200,F2,$D$2:$D$200)
```

Majina ya matawi anayaandika chini kwa chini kuanzia F2, fomula anaiweka G2, kisha anaivuta mpaka G9. Zile alama za dola zinazishikilia safu zisiteleze anapovuta. Ukizisahau, tawi la mwisho litajumlishiwa orodha iliyokatwa juu. Kuna jambo la pili ambalo lazima umwonyeshe, la sivyo kesho atarudi na takwimu zilizopungua bila kujua. Jina likiwa na nafasi tupu mwishoni, yaani mtu aliandika "Tawi 3" kisha akagusa nafasi, fomula hailitambui na haitoi onyo lolote. Hulipita tu. Kwa hiyo chini ya majibu yote 8 ajumlishe, na alinganishe na jumla ya safu D nzima. Zikitofautiana, kuna jina limeandikwa vibaya mahali.

Umetumia dakika 30, naye dakika 30. Ameokoa saa 2, ukitoa ile nusu saa ya kukaa nawe ni saa 1 na nusu. Ndilo debe lenyewe, na robo mwaka ijayo hatakuja na ombi hili.

Ukilinganisha hivyo, nyenzo inashinda kwa mbali. Ila ina masharti. Kazi isiyojirudia haina fomula. Huwezi kumpa mtu kiolezo cha kumtuliza mteja aliyekasirika. Na mtu aliyebanwa sana hana kichwa cha kujifunza. Ukiona anatikisa kichwa "ndiyo, ndiyo" huku macho yake yameganda kwenye saa, nyenzo haitaingia. Namna ya kutambua ni rahisi: mwache yeye ashike kipanya afanye tawi la pili mwenyewe mbele yako. Akikwama hapo, nusu saa yako imepotea na bora umtolee kipande.

Jambo la tatu linahusu moyo, si saa. Kumfundisha mtu aliyekuja kuomba mkono kunaweza kusikika kama unamwambia hajui kazi. Usianze na "kumbe unajumlisha kwa mkono?" Anza na, "Mimi pia hii ilinisumbua, kuna njia nilionyeshwa," kama ni kweli, na mara nyingi ni kweli.

Kusogeza siku: mbadala mzuri au hapana iliyovaa kanzu

"Leo na kesho sina nafasi, ila Jumatatu nitakusaidia." Inasikika vizuri, inatoka mdomoni kwa urahisi, na mara nyingi haina maana yoyote kwa anayeambiwa. Ripoti ni ya Ijumaa saa nne. Msaada wa Jumatatu ni kama mwavuli baada ya mvua, na mwenzako analielewa hilo palepale. Kukataliwa angekusamehe. Kupewa kitu ambacho nyote mnajua hakitumiki kunauma kwa namna nyingine, kwa sababu ni kama umemwona mjinga.

Hata hivyo njia hii isitupwe, kwani tarehe nyingi za ofisini hazina mizizi. Uliza: "Hiyo Ijumaa ni ya nani?" Yaani nani aliyeiweka, na nini kinafanyika Ijumaa hiyo saa nne na dakika tano? Pengine ripoti inasubiri kikao cha Jumanne, na Ijumaa iliwekwa ili mkuu apate siku za kuisoma. Pengine sehemu nyingine zote zinatakiwa Ijumaa lakini takwimu za matawi zinaweza kufuata Jumatatu asubuhi. Ikiwa hivyo, aombe mwenyewe kusogezewa sehemu hiyo moja, nawe useme saa mahususi: "Ukipewa hadi Jumatatu saa sita, Jumatatu saa mbili hadi saa nne nipo kwa ajili yako."

Tofauti ya ahadi hizi mbili iko kwenye saa. "Jumatatu nitakusaidia" itamezwa na Jumatatu yenyewe. "Jumatatu saa mbili hadi saa nne" unaweza kuiandika kwenye kalenda sasa hivi, mbele yake. Kama unaona unasita kuiandika, hujaahidi.

Kubadilishana

Nipe nikupe ina haki ndani yake: yeye achukue kikao chako cha kesho aandike kumbukumbu, wewe uchukue matawi mawili. Kwenye karatasi inapendeza. Kinachoiharibu ni makabidhiano, kwani kila kazi inayohama inadai maelezo pande zote mbili. Kwa kazi za chini ya saa mbili, maelezo hula faida yote. Itumie tu kama kila mmoja aliwahi kuifanya kazi ya mwenzake. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Kwenda kwa mkuu: pamoja, au usiende

Tuseme hesabu imetoka vibaya. Hana saa tano, ana saa mbili. Upungufu ni saa 4 na nusu, fomula haitatosha, na ripoti isipotoka kamili idara nzima itaaibika. Hapo ukarimu wako hauwezi kuziba pengo, na kosa kubwa ni kujifanya unaweza.

Ukisema "muulize bosi", umemfukuza. Ukienda peke yako kumwambia mkuu kwamba fulani amechelewa, umemshtaki, na hata kama nia ilikuwa njema jina lako limeshachafuka kwake. Njia inayobaki ni kwenda wawili, mkiwa na chaguo la kuamuliwa badala ya lalamiko. Yeye ndiye aanze kuzungumza, kwa sababu kazi ni yake: "Mkuu, takwimu za matawi zinahitaji saa 6 na nusu, mimi nina 2. Nimemwomba dada hapa, naye anamalizia bajeti ya kesho jioni. Kipi kitangulie: bajeti isogee hadi Ijumaa jioni tufanye matawi pamoja, au ripoti iende na matawi manne makubwa na mengine yafuate Jumatatu?"

Dakika 15. Mkuu ana machaguo mawili mbele yake na hana mtu wa kumlaumu. Njia hii ina udhaifu wake pia. Inafaa mnapokuwa chini ya mkuu mmoja. Mkiwa na wakuu wawili tofauti, kila mmoja atavutia kazi yake na mtaishia kusubiri barua pepe zao. Na mwenzako lazima aridhie kwenda. Muulize, "Unaonaje tukienda pamoja?" Akisita, kuna sababu, labda alishaonywa kuhusu kuchelewa. Msikilize kabla ya kumsukuma.

Maneno yenyewe

Mbadala mzuri unaweza kuharibiwa na namna hapana ilivyotamkwa. Nimezilinganisha kauli nne ambazo tunazisikia kila siku.

"Nitajaribu" ndiyo mbaya kuliko zote. Anayesema anamaanisha "sidhani", anayesikia anasikia "ndiyo". Niliwahi kumjibu hivyo mwenzangu Jumatatu, nikijua moyoni kwamba sitaweza, kwa kuogopa tu kumvunja moyo. Alhamisi jioni alikuja kuchukua kazi. Hakukasirika. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Ungeniambia Jumatatu, ningemwomba mtu mwingine." Alikuwa na siku tatu nilipomjibu, nami nikazila zote kwa neno moja la adabu. Tangu hapo najua kwamba hapana ya saa tisa Jumatano ina wema ndani yake ambao hapana ya Alhamisi jioni haina, hata uipambe vipi.

"Nitaangalia" ni ndugu yake. Ikubali tu kama utaambatanisha saa: "Nipe mpaka saa kumi niangalie ratiba, nikujibu." Na saa kumi umjibu.

"Nina kazi nyingi" ni kweli, lakini inaalika mashindano. Naye ana nyingi. Kila mtu pale ana nyingi. Sababu moja inayoonekana inatosha: "Bajeti inatakiwa kesho jioni." Isizidi moja. Ukiongeza na kikao, na mtoto anaumwa, na mtandao unasumbua, kila sababu ni mlango ambao atajaribu kukufungulia kwa nia njema, na utajikuta unabishana juu ya mtandao wakati jibu lako lilikuwa hapana tangu mwanzo.

"Kuiandaa yote sitaweza" ndiyo ninayoipendelea. Ina hapana iliyo wazi, na neno "yote" linaacha nafasi ya mbadala unaofuata mara moja. Kwa ombi letu ingekuwa hivi:

"Pole sana kaka, naona ulivyobanwa. Kuiandaa yote sitaweza, bajeti ya idara inatakiwa kesho jioni. Ila kwa ulivyoniambia umepungukiwa saa moja na nusu. Sasa hivi nina nusu saa, nikuonyeshe fomula itakayokujumlishia matawi yote mara moja. Halafu ukinitumia faili kesho kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa saa mbili asubuhi nitakaa dakika 45 nikuhakikie jumla."

Umetoa dakika 75 kati ya saa zako 2. Nusu saa imetoka kwenye saa moja ya leo na kesho, dakika 45 zimetoka Ijumaa, na pande zote umebakiza akiba kidogo. Kuhakiki ni kile kipande chenye mipaka: unapokea faili, unalinganisha jumla ya matawi na jumla kuu, unachungulia majina yenye nafasi tupu, unarudisha. Kwake kunaokoa nusu saa nyingine aliyokuwa ameitenga kwa hiyo kazi, na ukiona kosa, yeye ana saa moja na robo ya kulirekebisha kabla ya saa nne.

Yale maneno "kabla ya saa kumi na moja jioni" yaseme bila kuyameza. Faili likifika Ijumaa saa tatu na robo, huna nafasi ya kulihakiki vizuri, na kuhakiki kwa kupapasa ni hatari kuliko kutohakiki, kwa sababu jina lako linampa imani ambayo hukuipata. Mwandikie tu: "Limenifikia saa tatu na robo, sitaweza kuhakiki yote. Nimelinganisha jumla kuu peke yake, iko sawa." Aseme mwenyewe kama aipeleke hivyo.

Akirudi tena

Ombi la kwanza ni dharura. La tatu mfululizo ni ratiba, na njia zote tano hapo juu zinaanza kufanya kazi vibaya, kwani kila mara unaziba shimo lilelile. Hapo usisubiri aje akiwa amebanwa. Mtafute siku tulivu, mkiwa mmekaa vizuri, umuulize takwimu za matawi humfikia lini. Mara nyingi utakuta zinamfikia Jumanne wakati ripoti ni ya Ijumaa, na hajawahi kuwaomba watu wa matawi wazitume Ijumaa iliyotangulia. Barua pepe moja kwa matawi 8 ingewapa nafuu wote wawili, na kumsaidia kuiandika ni dakika kumi.

Kisha kuna Ijumaa yenyewe. Baada ya saa nne, ukipata upenyo, pita kwenye dawati lake au mwandikie mstari mmoja: "Kaka, ripoti imeendaje? Jumla zilikubali?" Usitaje ulichomsaidia. Anaweza kukueleza kwamba tawi la sita lilikuwa na nafasi tupu kwenye jina, kama ulivyomwonya, na kwamba aliliona mwenyewe Alhamisi kabla faili halijakufikia.